Mkataba unasema 40,000, mbona nimepokea 25,817?

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu, nimeajiriwa shule ya kibinafsi hapa Malindi, na mkataba wangu unasema mshahara ni KSh 40,000 kwa mwezi. Nilianza Jumatatu tarehe 8 Septemba 2025. Mwisho wa mwezi nimepata 25,817. Hati ya mshahara inaonyesha jumla 30,667, halafu NSSF 1,840, SHIF 843, AHL 460, PAYE 1,207 na chama cha walimu 500. Karani aliniambia 'hiyo ni serikali, si sisi'. Mwenzangu naye anasema mwezi wa kwanza shule huzuia robo ya mshahara kama amana. Nyumba ya Muyeye niliichukua nikihesabu elfu arobaini. Nimeibiwa, au ndivyo ilivyo?"*

Marahaba, mwalimu. Hujaibiwa, ila umekatwa kodi zaidi ya inavyotakiwa kwa KSh 326, na zile mia tano za chama nazo zina swali lake. Mengine yote yanahesabika. Lakini yanahesabika kwa sababu mbili tofauti, na karani alipozifunga zote kwenye neno moja, "serikali", alikuacha gizani.

Chukua kalamu. Kutoka 40,000 hadi 25,817 kuna pengo la 14,183. Kati ya hizo, 9,333 zilipotea kabla makato yoyote hayajaanza, yaani pale mstari wa juu ulipoandikwa 30,667 badala ya 40,000. Makato yenyewe, ukiyajumlisha yote matano, ni 4,850. Kwa hiyo karibu theluthi mbili za pengo lako hazikuenda serikalini wala kwenye chama. Ni mshahara ambao haukuhesabiwa kwa sababu hukuwa kazini wiki ya kwanza ya Septemba.

Tuanze na hapo. Mkataba unataja mshahara wa mwezi mzima. Ukianza tarehe 8, mwajiri hulipa sehemu ya mwezi uliyofanya kazi, na hapo kuna njia zaidi ya moja ya kuigawa. Shule yako imetumia siku za kalenda: Septemba ina siku 30, kuanzia tarehe 8 hadi 30 ni siku 23, basi 40,000 mara 23 gawanya kwa 30 inatoa 30,667. Shule nyingine zingehesabu siku za kazi peke yake. Septemba 2025 ilikuwa na siku 22 za Jumatatu hadi Ijumaa, wewe ukafanya 17, na hapo ungepata 30,909. Tofauti ya njia hizo mbili ni shilingi 242. Mkataba wako usipotaja njia, zote mbili zinakubalika, na mimi nisingegombana kwa ajili ya hizo, mradi shule itumie njia ileile kwa kila mtu na itumie hiyohiyo siku utakapoondoka.

Kinachostahili kugombewa ni pale karani anapochanganya njia mbili. Nimekutana na hati kadhaa za aina hii: mtu anahesabiwa siku zake za kazi, 17, kisha zinagawanywa kwa siku za kalenda, 30. Ukifanya hivyo kwa mshahara wako unapata 22,667, na elfu nane zinayeyuka bila mtu yeyote kukusudia ubaya. Jumamosi na Jumapili zimetolewa juu ya mstari lakini zimebaki chini yake. Ukimwona mwalimu mwenzako aliyeanza katikati ya mwezi analalamika, mwambie akague kwanza hapo, kabla ya kuitazama kodi.

Hilo la robo ya mshahara kuzuiwa kama amana, kwako halipo, na tunaweza kulithibitisha kwa hesabu. Robo ya 40,000 ni 10,000 kamili, na mstari wako wa juu ungesoma 30,000. Wewe una 30,667, ambayo inaangukia sawasawa kwenye siku 23 kati ya 30. Namba hizo zimekaribiana kiasi cha kumdanganya mtu, na nadhani ndiko uvumi ulikopata nguvu. Ila ujue kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inaorodhesha makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya, na amana ya mwezi wa kwanza haimo. Shule ikija kukuambia jambo hilo siku moja, iombe ikuonyeshe ilikoandikwa.

Sasa tuingie kwenye makato. Matatu ya kwanza ni mepesi, kwa sababu kila moja ni asilimia ya jumla ile ya 30,667.

NSSF ni asilimia 6. Imegawanywa madaraja mawili, na kwa viwango vya Septemba 2025 shilingi 8,000 za kwanza za mshahara zilitoa 480, na kilichozidi hapo, mpaka kikomo cha 72,000, kilitoa asilimia 6 yake. Kwako kilichozidi ni 22,667, sawa na 1,360. Jumlisha na 480, unapata 1,840 uliyoiona. Hati nyingine huandika mistari miwili ya NSSF, na watu hudhani wamekatwa mara mbili. Si hivyo, ni madaraja hayo mawili. Pesa hii haijatoka mikononi mwako moja kwa moja, maana inaingia kwenye akaunti yako ya uzeeni, na mwajiri analazimika kuongeza 1,840 nyingine kutoka mfukoni mwake.

SHIF ni bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Ni asilimia 2.75 ya jumla, kwako 843, na mwajiri hachangii chochote. Walimu wengi wapya huniambia, "Lakini mimi sijajisajili SHA, wanikatie ya nini?" Kukatwa ni lazima umejisajili au hujajisajili. Ukikaa bila kujisajili, utakuwa unalipa bima usiyoweza kuitumia, basi jisajili leo kwa kubonyeza *147# kwenye simu, uwe na kitambulisho karibu.

AHL ni tozo ya nyumba za bei nafuu. Ni asilimia 1.5, kwako 460, na mwajiri naye hutoa 460 yake. Hapa kuna mtego mmoja wa kuchunga. Jumla inayopelekwa kwa jina lako ni asilimia 3, na kuna waajiri wanaoitoa yote kwa mfanyakazi. Ungeona 920 kwenye mstari huo, ungejua mwajiri amekubebesha sehemu yake. Vivyo hivyo NSSF ya 3,680. Zako ziko sawa.

Inabaki PAYE, na hapa ndipo nataka twende polepole, kwa sababu ndipo penye kosa.

Kwanza niondoe dhana moja. Watu husema, "Ukivuka elfu ishirini na nne unaingia kwenye kodi ya asilimia 25," wakidhani mshahara mzima unakatwa robo. Kodi yetu huenda kwa ngazi. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10. Zinazofuata, hadi 32,333, hutozwa asilimia 25. Zinazozidi hapo, mpaka laki tano, ni asilimia 30. Kila ngazi hula pesa zilizomo ndani yake tu, haigusi zilizo chini. Kisha kila mkaazi hupunguziwa shilingi 2,400 kwa mwezi, ile nafuu ya mtu binafsi. Angalia namba hiyo vizuri: asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400 barabara. Nafuu inafuta kodi yote ya ngazi ya kwanza, ndiyo maana mtu ambaye kiasi chake cha kutozwa kodi hakizidi 24,000 halipi PAYE hata senti. Nafuu hii huiombi. Ni wajibu wa mwajiri kuiweka kwenye hesabu.

Swali linalobaki ni: kodi inahesabiwa juu ya kiasi gani? Samaki hupimwa akishatolewa matumbo, na mshahara ni vivyo hivyo: kodi hupimwa juu ya kile kinachobaki baada ya NSSF, SHIF na AHL kutoka. Haikuwa hivi siku zote. Kabla ya mabadiliko ya sheria za kodi yaliyoanza tarehe 27 Desemba 2024, NSSF pekee ndiyo iliyotolewa kabla ya kodi, na hiyo bima na tozo ya nyumba zilikuwa na nafuu zake ndogo mwishoni mwa hesabu, asilimia 15 ya ulichochangia. Mabadiliko yaliziondoa nafuu hizo, na badala yake yakaruhusu michango yote mitatu itolewe kwanza. Kwa mfanyakazi ni afadhali.

Tufanye hesabu yako inavyotakiwa. Kutoka 30,667 toa 1,840, toa 843, toa 460. Zinabaki 27,524. Hiki ndicho kiasi cha kutozwa kodi. Shilingi 24,000 za kwanza zinatoa 2,400. Zilizobaki ni 3,524, na asilimia 25 yake ni 881. Jumla ya kodi ni 3,281. Ondoa nafuu ya 2,400, inabaki PAYE ya 881.

Hati yako inasema 1,207.

Nilijaribu kuitafuta hiyo 1,207 imetoka wapi, maana namba kwenye hati ya mshahara haizuki tu. Nikatoa NSSF peke yake: 30,667 toa 1,840 ni 28,827. Zilizozidi 24,000 ni 4,827, asilimia 25 yake ni 1,206 na senti 75. Ukiikamilisha, 1,207. Basi karani wako anatumia faili ya Ekseli ya zamani, iliyotengenezwa kabla ya Desemba 2024. Aliondoa nafuu zilizofutwa lakini hakuongeza makato mapya ya kutangulia kodi. Ni faili nusu ya zamani na nusu ya sasa, na naziona sana kwenye shule ndogo ambako mtu mmoja ndiye karani, ndiye mpokea karo, na ndiye anayefuatilia basi la shule likiharibika.

Unaweza kusema shilingi 326 si kitu. Kwa Septemba, sawa. Lakini ukianza kulipwa mwezi mzima unapanda kwenye ngazi ya asilimia 30, na kosa lilelile linakua. Kwa 40,000, SHIF ni 1,100 na AHL ni 600. Hizo 1,700 zikiachwa ndani ya kiasi cha kutozwa kodi, unalipa 510 zaidi kila mwezi, yaani 6,120 kwa mwaka. Na kosa hilo halikuhusu wewe peke yako. Faili ni moja, basi kila mwalimu anayefikia kodi shuleni hapo amekuwa akikatwa zaidi tangu mwaka uanze, na wengi hawajui kwa sababu hati ya mshahara hutazamwa mstari wa mwisho tu.

Mwendee karani kwa upole, na umpelekee hesabu, si shutuma. Mtu aliyeonyeshwa namba hurekebisha haraka kuliko aliyeambiwa mwizi mbele ya ofisi nzima ya walimu. Ningeandika ujumbe mfupi, kwa simu au barua pepe, ili kuwe na kumbukumbu:

"Habari za kazi. Naomba tuangalie PAYE yangu ya Septemba. Kwenye hati, kodi imehesabiwa juu ya 28,827, yaani baada ya kutoa NSSF peke yake. Tangu 27 Desemba 2024 SHIF na AHL nazo hutolewa kabla ya kodi. Kiasi cha kutozwa kinakuwa 27,524 na PAYE 881 badala ya 1,207. Naomba irekebishwe, na 326 iliyozidi irudi kwenye mshahara wa Oktoba. Ahsante."

Usiongeze neno. Shule inaweza kurekebisha ritani yake ya PAYE ya Septemba, au kukusawazishia mwezi unaofuata. Ikikataa au ikichelewa, bado hujapoteza. Mwanzoni mwa mwaka ujao mwajiri atakupa fomu ya P9, inayoonyesha mshahara wako na kodi iliyokatwa kila mwezi. Utaitumia kujaza ritani yako kwenye iTax kabla ya tarehe 30 Juni 2026, na kilichozidi unaweza kuomba urejeshewe. Njia hiyo ni ndefu na inahitaji subira, kwa hiyo mimi ningehangaika kwanza na karani.

Zile mia tano za chama cha walimu ni habari nyingine. Hazitokani na sheria yoyote. Makato ya namna hii, ambayo mwajiri mwenyewe hafaidiki nayo, yanahitaji ombi lako la maandishi. Je, ulisaini fomu siku ya kuripoti? Walimu wengi husaini rundo la karatasi siku ile, na moja yao huwa ni hiyo. Kama ulisaini, imekwisha, ila una haki ya kujua chama kinafanya nini na unaweza kujiondoa kwa barua. Kama hukusaini, unaweza kudai zirudishwe. Mimi binafsi nisingekimbilia kujitoa. Vyama hivi ndivyo vinavyokuja na sufuria na gari mtu akifiwa kule Magarini, na mwalimu mgeni asiye na ndugu mjini anavihitaji kuliko mwenyeji. Lakini uingie kwa kujua na kwa hiari, usiingizwe na faili ya Ekseli.

Kuna jambo moja ambalo hukuuliza, na kwangu lina uzito kuliko 326. Hati ya mshahara inathibitisha kwamba umekatwa. Haithibitishi kwamba pesa zimefika. Mwajiri hutakiwa kuzipeleka mwanzoni mwa mwezi unaofuata. PAYE na SHIF mwisho wake ni tarehe 9. Ikifika katikati ya Oktoba, kagua. SHA utaiona kwa *147# hiyohiyo, kama mchango wako unasomeka. NSSF omba taarifa ya akaunti yako, na utafute 3,680 kwa Septemba, yako na ya mwajiri pamoja. Ukiikuta 1,840 tu, mwajiri hajatoa sehemu yake. Ukikuta sifuri, subiri wiki moja kwa sababu mifumo huchelewa, kisha uliza. Kukata bila kupeleka ni kosa la jinai chini ya Sheria ya Ajira, na hasara yake huwa haionekani mapema. Inaonekana siku unapolazwa na hospitali inakwambia bima haisomi.

Na kama ulisoma kwa mkopo wa HELB, tarajia mstari mwingine mpya miezi ijayo. Mwajiri hupokea maagizo kutoka HELB na kuanza kukata. Usishtuke, lakini uwe na namba ya salio lako ili ujue kinachokatwa kinapunguza deni gani.

Kuna hali ambazo hesabu ya nyumbani haitoshi, na ni vizuri umwone mtu ana kwa ana. Ya kwanza ni pale makato yote yanapozidi theluthi mbili ya mshahara, kwa sababu sheria hairuhusu. Wewe uko mbali sana na hapo, makato yako ni kama asilimia 16. Ya pili ni pale michango inapokatwa na haifiki kwa zaidi ya mwezi mmoja. Ya tatu ni pale mkataba wenyewe unapobishaniwa, kwa mfano ukiwa umeandikwa kwamba 40,000 ni za mkononi baada ya makato. Rudi uusome kwa makini, kwa sababu kama umeandikwa hivyo, hesabu yangu yote hapa inageuka, na ni shule inayopaswa kubeba kodi na michango juu ya hizo 40,000. Mikataba mingi husema "mshahara wa jumla", lakini nimeona michache iliyosema vinginevyo.

Katika hali hizo nenda kwa afisa wa kazi wa kaunti. Beba mkataba, hati zako za mshahara, taarifa ya benki inayoonyesha kilichoingia, na ule ujumbe uliomwandikia karani. Kumwona hakuhitaji wakili, na migogoro mingi ya mishahara huishia mezani kwake, kwa mwajiri kuitwa na kuonyeshwa hesabu. Ikishindikana, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina kituo Malindi, ingawa kwa kiasi kama chako nisingekushauri ufike huko. Suala la kodi yenyewe ni la KRA, afisa wa kazi hatalishughulikia.

Sasa nyumba ya Muyeye. Ulipanga kwa 40,000, na hiyo 40,000 hutaiona mkononi mwezi wowote. Mwezi mzima, ukihesabiwa sawasawa, unakatwa NSSF 2,400, SHIF 1,100 na AHL 600. Kiasi cha kutozwa kodi kinakuwa 35,900. Ngazi ya kwanza inatoa 2,400, ya pili 2,083, na 3,567 zilizoingia ngazi ya tatu zinatoa 1,070. Ondoa nafuu ya 2,400, PAYE ni 3,153. Mkononi unapata 32,747, au 32,247 ukibaki kwenye chama. Hiyo ndiyo namba ya kupangia kodi ya nyumba, umeme na tuktuk ya asubuhi. Kama mwenye nyumba bado hajaandikiana nawe, zungumza naye sasa, kabla Novemba haijaingia.

Hati ya Oktoba ikitoka, usiangalie mstari wa mwisho kwanza. Nenda PAYE. Ukiona 3,663, faili bado ni ileile ya zamani. Ukiona 3,153, karani amerekebisha lakini hajakurudishia za Septemba. Ukiona 2,827, ametoa na zile 326, na mkononi utakuwa na 33,073, au 32,573 kama chama bado kinakata mia tano zake.